Lirekebishwe na Nani, na Lini?

"Wajumbe waliazimia kwamba bomba linalovuja karibu na zahanati lirekebishwe haraka." Sentensi za namna hii zimejaa katika mafaili ya kamati zetu, na kilugha hazina kasoro. Uamuzi upo, kitu kinachoamuliwa kipo, hata msisitizo upo. Asiyekuwepo ni mtu. Kikao kinafungwa saa 8 mchana, wajumbe wanaagana, na kila mmoja anarudi kwake akijua kwamba bomba litarekebishwa na mtu fulani ambaye si yeye.

Nitaeleza jambo hili kwa kutumia kamati ya maji ya kijijini, kwa sababu huko azimio lisilo na mwenyewe linaonekana kwa macho: maji yanaendelea kumwagika. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, huduma ya maji katika vijiji vya Tanzania huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA. Chombo kina kamati yake, na kamati ina mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na wajumbe. Tuseme kamati ya namna hiyo imekutana Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, na katibu amerudi nyumbani na daftari lenye maazimio manne: bomba la zahanati lirekebishwe haraka, madeni ya vituo vya kuchotea maji yafuatiliwe, wananchi waelimishwe kuhusu utunzaji wa miundombinu, na kamati ndogo ya fedha iandae taarifa ya mapato na matumizi kwa ajili ya kikao kijacho.

Ukiyasoma polepole utaona kwamba matatu ya mwanzo yameandikwa kwa kauli moja. Lirekebishwe, yafuatiliwe, waelimishwe. Kauli ya kutendwa inaruhusu sentensi ikamilike bila mtendaji kutajwa, na katika vikao hupendwa kwa sababu ya heshima. Mwenyekiti kumwambia mjumbe mwenye umri wa baba yake "Wewe Mzee, nenda kachimbe bomba" si rahisi mbele ya watu. Kusema "bomba lichimbwe" hakumgusi yeyote. Naielewa heshima hiyo na siioni kuwa kosa. Tatizo ni kwamba heshima ya dakika moja kikaoni inahamia kwenye karatasi, na huko inabaki mwezi mzima bila mtu wa kuulizwa.

Azimio la nne linaonekana kuwa na mwenyewe, lakini ukilibana halina. Kamati ndogo ya fedha ni watu watatu. Taarifa isipoandaliwa, utamuuliza nani kati yao? Majina ya namna hii ndiyo yanayompoteza katibu, kwa kuwa yanajaza nafasi ya mhusika bila kumtaja mtu: uongozi, wajumbe wote, wahusika, ofisi. Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Kama huwezi kumpigia simu huyo uliyemwandika, bado hujaandika mhusika. Kazi inaweza kufanywa na watu kumi, lakini wa kuulizwa awe mmoja.

Tarehe nazo zina vivuli vyake. "Haraka iwezekanavyo" haina mwisho, kwa sababu kila siku mtu anaweza kusema haikuwezekana. "Kabla ya mvua" ni afadhali kidogo, ila mvua haitoi taarifa. "Kikao kijacho" ndiyo inayodanganya zaidi, kwani inaonekana kama tarehe kamili, na nitaonyesha hapa chini ilivyo na mgogoro ndani yake.

Kwanza tuone gharama ya kukaa kimya. Fundi anaweka ndoo ya lita 20 chini ya mahali panapovuja na kutazama saa. Ndoo inajaa kwa dakika 4. Hiyo ni lita 5 kwa dakika, lita 300 kwa saa, na kama bomba lina maji mchana na usiku, lita 7,200 kwa siku. Hizo ni ndoo 360. Ikiwa kituoni ndoo inauzwa shilingi 50, maji yanayomwagika kwa siku yana thamani ya shilingi 18,000. Kikao kijacho ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba, siku 28 mbele. Azimio likingoja mpaka siku hiyo ndipo mtu aulize limefikia wapi, maji ya shilingi 504,000 yatakuwa yameshaingia ardhini. Hesabu hii isomwe kwa uangalifu: kama tangi halikauki na kila mnunuzi anapata maji yake, chombo hakijapoteza mauzo yote hayo, kimepoteza gharama ya kuyapandisha hayo maji. Lakini kama vituo vya mwisho vya mtandao vinakauka jioni, hasara ni kamili, na kina mama wa huko wanaijua kabla ya mhasibu.

Sasa katibu afanye nini? Jibu linalokuja upesi ni kuchukua kalamu na kujaza. Anajua nani ni fundi, anajua nani anashika fedha, basi anaandika majina pembeni mwa maazimio na kusambaza muhtasari. Hapa naomba tusimame, maana makatibu wengi wazuri, wenye bidii, huangukia hapo. Muhtasari ni kumbukumbu ya kile kikao kilichoamua. Kama kikao hakikumtaja mtunza hazina, muhtasari unaosema "mtunza hazina aliagizwa kufuatilia madeni" unaeleza jambo ambalo halikutokea. Siku muhtasari utakaposomwa ili uthibitishwe, mtunza hazina atasimama na kusema hakuagizwa, na atakuwa sahihi. Kuanzia hapo wajumbe watautilia shaka muhtasari mzima, pamoja na mambo ambayo katibu aliyaandika kwa uaminifu.

Wala katibu hana mamlaka ya kugawa kazi. Mamlaka hayo ni ya kikao, na baada ya kikao kufungwa yanabaki kwa mwenyekiti kadiri katiba ya chombo inavyomruhusu. Katibu ana haki ya kuuliza na kupendekeza. Kwa hiyo anahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni muhtasari, ambao unabaki kama kikao kilivyosema, pamoja na mapengo yake. Ya pili ni orodha ya utekelezaji, yenye safu za kazi, mhusika, tarehe ya mwisho na hali ilivyo, na juu yake kumeandikwa wazi: "Mgawanyo uliopangwa na Mwenyekiti baada ya kikao, kwa makubaliano na wahusika." Mapengo yanajazwa kwenye karatasi ya pili tu, na kinachoyajaza ni majibu ya watu.

Ndipo unapokuja ujumbe wa katibu, na mara nyingi ndipo mambo yanapoharibika tena. Ujumbe wa kawaida kwenye kundi la WhatsApp husomeka hivi: "Wajumbe naomba kujua nani anafanya nini kuhusu yale maazimio yetu ya Jumamosi." Dakika chache baadaye yanaingia madole gumba matatu. Mmoja anaandika "Tuko pamoja Katibu." Mwingine, "Kazi nzuri." Mpaka asubuhi kundi limeshahamia kwenye tangazo la harusi. Swali liliulizwa kwa watu wote kwa mkupuo, likawaachia wao kazi ya kufikiri ambayo katibu mwenyewe hakuifanya: azimio lina kazi ngapi ndani yake, zinafuatana vipi, na nani ana uwezo wa ipi.

Kazi hiyo ya kufikiri ndiyo kiini cha ufundi huu. Tulichukue bomba la zahanati. Kabla halijarekebishwa, mtu lazima apime kipenyo chake na kuandika ni kiungio gani kinatakiwa. Mtu mwingine atoe fedha, na fedha za chombo zikiwa benki zinahitaji waweka saini wawili wapatikane siku moja. Vifaa vinunuliwe na risiti iletwe. Wananchi na zahanati waarifiwe kwamba maji yatafungwa, ili wajaze vyombo. Vijana wa kuchimba wapatikane. Maji yafungwe kwenye valvu, na ufunguo wa chemba uwe mkononi mwa anayefunga. Neno moja, "lirekebishwe", lilikuwa limefunika kazi sita za watu wanne. Katibu akishaziona, anazirudisha nyuma kutoka siku ya mwisho. Kama maji yatafungwa Ijumaa, wananchi waambiwe Alhamisi. Vifaa viwepo Jumatano. Fedha zitoke Jumanne. Vipimo viwe tayari Jumatatu.

Kabla ya kuandika kundini, anampigia mwenyekiti. Hatua hii ndiyo inayoupa ujumbe wake uzito, na inamwepusha na lawama ya kujifanya mkubwa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Katibu. Umefika salama?"

"Nimefika, Mzee. Naandika muhtasari, naona azimio la bomba hatukumtaja mtu wala siku. Nimepanga mgawanyo, naomba nikusomee, unirekebishe, kisha unipe ruhusa niupeleke kundini kwa niaba yako."

Mwenyekiti anasikiliza. Anasema fundi asibebeshwe usimamizi, maana atakuwa shimoni. Msimamizi awe makamu wake. Katibu anabadilisha, na jioni hiyohiyo anatuma:

"Ndugu wajumbe, habari za jioni. Rasimu ya muhtasari wa kikao cha leo inaendelea vizuri. Azimio la bomba la zahanati halikutaja wahusika wala tarehe. Nimewasiliana na Mwenyekiti na tunapendekeza hivi. Fundi apime na kuandika vifaa, Jumatatu tarehe 8. Mtunza hazina atoe fedha, Jumanne tarehe 9. Fundi anunue vifaa na kuleta risiti, Jumatano tarehe 10. Mjumbe wa kitongoji cha zahanati awatangazie wananchi na kutafuta vijana wawili wa kuchimba, Alhamisi tarehe 11. Fundi afunge maji na kurekebisha, Ijumaa tarehe 12 kuanzia saa 1 asubuhi. Msimamizi wa yote ni Makamu Mwenyekiti, naye atatuandikia hapa Ijumaa jioni. Kila aliyetajwa naomba anijibu kabla ya kesho Jumapili saa 12 jioni: anakubali, au hataweza. Kama hataweza, aseme siku gani itamfaa au nani amsaidie. Maazimio mengine nitayaleta kesho."

Ujumbe huu haumlaumu mtu. Unasema azimio halikutaja wahusika, hausemi wajumbe walizembea. Unashika azimio moja tu, kwa sababu ukiweka manne kwa pamoja kila msomaji atalijibu lile lisilomhusu. Unampa kila mmoja kitu kidogo cha kukubali au kukataa, na kukubali ni rahisi kuliko kujitolea kwa jambo lisilo na umbo. Na una tarehe ya kujibu iliyo tofauti na tarehe za kazi, jambo ambalo wengi hulisahau.

Majibu yanapoingia, katibu ayasome kwa jicho kali. "Nimepokea" ni kupokea, haijawa kukubali. "Itafanyiwa kazi" imerudi kwenye kauli ileile ya kutendwa tuliyoikimbia. "Nitajitahidi" ni jibu la mtu anayeona kikwazo ambacho hajakisema, na dawa yake ni kumpigia simu faraghani na kuuliza kwa upole ni nini kinamzuia. "Fundi ameshaambiwa" inataka swali moja: ameambiwa na nani, naye amejibuje? Jibu la kukubali lina nafsi ya kwanza na siku ndani yake: "Nitapima Jumatatu asubuhi." Asiyejibu kabisa asiandikwe kwamba amekubali. Ukimya wa mtu unaweza kuwa simu imekwisha chaji, na orodha itakayojengwa juu ya kimya itaanguka Jumanne.

Katika mfano wetu mtunza hazina anajibu: "Dada Katibu, niko msibani, narudi Jumatano usiku. Benki naweza Alhamisi." Jibu hili ni la thamani kubwa kuliko madole gumba kumi. Limeonyesha kwamba mpango wa Ijumaa hauwezekani: fedha zitatoka Alhamisi tarehe 11, vifaa vitanunuliwa Ijumaa, na kwa kuwa zahanati haitaki maji yafungwe mwisho wa wiki, ukarabati unasogea mpaka Jumatatu tarehe 15. Siku tatu zaidi, maji ya shilingi 54,000. Sasa mwenyekiti ana jambo la kuamua: angoje, au azungumze na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wachukue kiungio na kulipa Alhamisi, kama taratibu za fedha za chombo zinaruhusu. Msiba ulikuwepo hata bila ujumbe wa katibu. Bila tarehe, hakuna ambaye angejua kwamba unahusiana na bomba.

Azimio la wananchi kuelimishwa linahitaji swali la namna nyingine, kwa sababu huwezi kulipangia siku ya mwisho kabla hujajua linaisha vipi. Tutajuaje kwamba wameelimishwa? Katibu akimuuliza mwenyekiti hivyo, mara nyingi itabainika kwamba kilichokusudiwa kikaoni kilikuwa kitu kidogo na dhahiri: watoto wanachezea koki za vituo, wazazi waambiwe. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na anayeandaa shughuli zake ni mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Basi azimio linakuwa barua: katibu amwandikie mtendaji kuomba suala la koki liingizwe kwenye agenda za mkutano ujao, barua ifike kabla ya tarehe atakayoitaja mtendaji, na mwenyekiti wa kamati ya maji ndiye atakayezungumza. Kazi imepungua ukubwa, na sasa inaweza kufanyika.

Madeni ya vituo yana hatari yake. Ni rahisi kumwandika mtunza hazina peke yake, lakini yeye ndiye anayepokea fedha kutoka kwa wahudumu wa vituo. Anayepokea asiwe yeye tu wa kusema nani hajaleta. Pendekezo la katibu liwatenganishe: msoma dira alete usomaji wa kila kituo kufikia Jumatano tarehe 17, mtunza hazina alete nakala za stakabadhi siku hiyohiyo, na makamu mwenyekiti alinganishe vitu hivyo viwili na kuwaita wahudumu wenye upungufu. Katibu hana haja ya kueleza sababu kundini. Anaweza kumweleza mwenyekiti kwa simu, na heshima ya mtunza hazina ikabaki salama.

Tuje kwenye taarifa ya fedha na lile neno "kikao kijacho". Kikao ni tarehe 4 Oktoba. Kama utaratibu wa kamati unataka nyaraka ziwafikie wajumbe siku 7 kabla, taarifa inatakiwa Jumamosi tarehe 27 Septemba. Siku hiyo mwezi wa Septemba haujaisha. Taarifa ya mapato na matumizi ya Septemba haiwezi kuwepo, hata kamati ndogo ya fedha ikikesha. Wajumbe walipoazimia, baadhi walikuwa wakiiwazia Septemba, baadhi Agosti, na kikao kikakubaliana kwa kauli moja juu ya vitu viwili tofauti. Katibu anamwandikia mwenyekiti wa kamati ndogo ya fedha, kwa jina lake, akimuuliza: taarifa iishie tarehe 31 Agosti na ifike tarehe 27, au ihusishe Septemba na isomwe mezani siku ya kikao bila kusambazwa kabla? Nionavyo, ya kwanza ni bora. Taarifa ya fedha isomwayo mezani kwa mara ya kwanza huidhinishwa na watu ambao hawajaisoma.

Itakuwepo kazi ambayo hata baada ya simu na ujumbe haitapata mtu. Katibu asiifiche kwa kumwandika asiyekubali, wala asiibebe mwenyewe kwa aibu, maana makatibu wengi huishia kuwa watekelezaji wa kila azimio lisilo na mwenyewe. Kwenye orodha aandike "Mhusika hajapatikana" na tarehe aliyouliza. Kisha amshauri mwenyekiti jambo hilo lirudi kikaoni kama agenda yenye namba yake, lisiachwe kwenye yatokanayo, ambako husomwa kwa haraka na kujibiwa "linaendelea". Kikao kilipatie jambo hilo mtu, au kilifute azimio lake.

Tarehe 4 Oktoba muhtasari wa Septemba utasomwa na kuthibitishwa kama ulivyoandikwa, na mapengo yake. Chini ya yatokanayo, katibu atawasilisha orodha ya utekelezaji, na kikao kikiipokea, mgawanyo ule unaingia kwenye muhtasari mpya kwa haki. Ule ujumbe wa jioni ya tarehe 6, pamoja na majibu, aunakili kwenye karatasi ukiwa na tarehe na saa zake na kuubana ndani ya faili nyuma ya muhtasari. Simu hupotea na makundi hufutwa, na mkaguzi akija mwakani atataka kuona mtunza hazina alikubali lini kwenda benki Alhamisi, na kama vifaa vilichukuliwa kwa mkopo, nani aliidhinisha.